Nairuzi ya Wairani: mwaka unaingia leo mchana, tarehe moja inakuwa kesho. Kwanini?

Mhamiaji_Maskati
Wakuu salama? Mimi nipo Maskati huku stoo ya vipuri, bosi wangu wa zamu ni Mwirani, mtu poa sana. Sasa tarehe 20 Machi mwaka huu 2025 ilikuwa Alhamisi, mchana hivi akafunga ofisi nusu saa, akatandika meza, tufaha, siagi, kioo, samaki kwenye bakuli, simu katikati ya meza anahesabu sekunde. Ilipofika saa saba na dakika moja na sekunde thelathini kwa saa ya hapa akapiga makofi akatukumbatia wote eti mwaka mpya umeingia. Nikasema haya, hongera. Jioni nikaangalia kalenda yake ukutani imeandikwa siku ile ile ni tarehe 30 ya mwezi wa kumi na mbili mwaka 1403! Mwaka mpya 1404 unaanza kesho yake tarehe 21. Nikamuuliza akacheka tu akasema "imevuka saa sita". Imevuka vipi? Na kwanini sekunde thelathini? Nani kapima? Mwenye uelewa anisaidie, sitaki ubishi wa dini.

BintiMakunduchi
Hiyo si Mwaka Kogwa jamani? Sisi tunaifanya Julai, tunachapana migomba tunachoma kibanda. Wazee wetu wanasema ilikuja na Washirazi. Sasa hao wa Machi wameitoa wapi?

Kichwa_Ngumu
Ni rahisi tu mkuu. Tarehe 20 au 21 Machi usiku na mchana vinalingana, saa 12 kwa 12, inaitwa ikwinoksi. Wairani wanaangalia siku ambayo jua limechomoza na kuzama kwa masaa sawa, hiyo ndo mwaka mpya. Sekunde ni mbwembwe za kwenye tivii tu.

Mhamiaji_Maskati
@Kichwa_Ngumu kama ni siku basi ingekuwa siku moja, mbona hapa zimekuwa mbili? Sherehe 20, tarehe 21.

Sukani_Lamu
Nimesoma upimaji ardhi zamani na ujanani nimekaa sana na watu wa majahazi, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Kichwa_Ngumu umepatia nusu. Ikwinoksi ndiyo, lakini hakuna anayelinganisha mchana na usiku. Ukilinganisha utakosea, maana siku hiyo mchana unakuwa mrefu kuliko usiku kwa dakika kadhaa popote ulipo. Hewa inapinda mwanga, unaliona jua wakati lenyewe bado liko chini ya upeo, halafu tunahesabu kuchomoza pale ukingo wa juu unapotokea, hatusubiri kitovu chake. Tehrani ukitafuta siku ambayo mchana na usiku ni saa 12 kwa 12 utaipata kama siku nne kabla ya ikwinoksi yenyewe. Na sisi wa karibu na ikweta ndo kabisa, Nairobi mchana ni saa 12 na dakika kama 7 mwaka mzima, ungeshinda unasherehekea kila siku.

Ikwinoksi ni kitu kingine. Chukua ikweta ya dunia uitandaze mpaka angani, unapata mstari unaozunguka mbingu yote. Jua kwa miezi sita linakuwa kusini ya mstari huo, miezi sita kaskazini. Mwezi wa tatu linatoka kusini kwenda kaskazini, na kitovu chake kinapokatiza mstari, pale pale, ndo mwaka wa Kiajemi unageuka. Wao wanasema tahvili ya mwaka, yaani makabidhiano. Ni nukta ya wakati, haina urefu, ndo maana wanahesabu sekunde. Na ni moja kwa dunia nzima. Bosi wako alipokumbatia watu Maskati saa 7:01 mchana, Tehrani ilikuwa saa 6:31, Dar saa 6:01, na Wairani wa Losi Anjelesi walikuwa macho saa nane na dakika moja usiku na vitambaa vyao mezani.

Mtani_wa_Tanga
Kwa hiyo wa Losi Anjelesi wanaamka saa nane usiku kula tufaha. Haya mapenzi ya kalenda makubwa.

Mhamiaji_Maskati
Mzee Sukani nimekuelewa kwenye nukta. Ila bado hujajibu "imevuka saa sita". Kama nukta imeshapita mchana wa tarehe 20, mwaka si umeshageuka? Iweje jioni ile bado ni 30 ya mwezi wa 12?

Sukani_Lamu
Nilikuwa nakuja huko, chai imenichelewesha.

Fikiria wewe ni mnajimu Isfahani mwaka 1079, Sultani Malik-Shah amewaajiri wewe na wenzako, mmoja wao Omar Khayyam yule mshairi, mnaambiwa mrudishe Nairuzi mahali pake kwenye ikwinoksi kwa sababu kalenda ya kale ilikuwa imeteleza. Huna saa ya sekunde. Una nini? Una jua la adhuhuri. Kila siku jua linapofika juu kabisa unapima kimo chake kwa chombo kikubwa chenye alama za digrii. Isfahani ikweta ya angani inapita kwenye nyuzi 57 na dakika 21 juu ya upeo wa kusini (dakika hapa ni vipande vya digrii, digrii moja ina 60, msichanganye na dakika za saa). Kimo cha jua adhuhuri kikiwa pungufu ya hapo bado liko kusini, kikizidi limeshavuka.

Sasa jua halikusubiri livuke adhuhuri sawasawa. Tuseme jana adhuhuri umepata 57 na dakika 13, leo adhuhuri umepata 57 na dakika 37. Jana lilikuwa halijafika, leo limepitiliza. Kwa siku nzima limepanda dakika 24, maana yake kila saa linapanda dakika moja. Jana lilipungukiwa dakika 8, basi lilivuka masaa 8 baada ya adhuhuri ya jana, yaani saa mbili usiku. Umepata nukta bila kuiona.

Na siku ya kwanza ya mwaka ni ipi? Leo. Kwa sababu leo ndo adhuhuri ya kwanza kulikuta jua limeshavuka. Kanuni yote ndiyo hiyo, haina siri nyingine. Nukta ikiangukia kabla ya saa sita mchana, siku hiyo hiyo ni tarehe 1 Farvardin, mwezi wao wa kwanza, maana saa sita yake italikuta jua upande wa pili. Ikiangukia baada, adhuhuri ya siku hiyo ilishapita jua likiwa bado upande wa zamani, kwa hiyo siku hiyo inabaki ya mwaka wa zamani na tarehe moja inakwenda kesho.

Sasa rudi kwa bosi wako. Tehrani tarehe 20 Machi 2025 saa sita kamili jua lilikuwa limebakiza nusu saa tu kufika kwenye mstari. Nusu saa! Likavuka 6:31. Adhuhuri ya kwanza ya mwaka mpya ikawa ya tarehe 21. Ndo "imevuka saa sita" yake.

Mhamiaji_Maskati
Aaah. Kumbe. Sasa nimeielewa kuliko alivyonieleza mwenyewe, asante mzee wangu.

Mama_Kijacho
Nauliza tu kama mjinga, na ule mwaka mrefu wao unapangwaje? Sisi tunagawa kwa nne.

Sukani_Lamu
Dada wao hawaupangi, unajitokeza. Kutoka nukta hadi nukta ni siku 365 na masaa kama 5 na dakika 49. Kwa hiyo kila mwaka nukta inasogea mbele karibu robo siku. Angalia kwa saa za Tehrani: 2024 ilikuwa saa 12:36 asubuhi, mapema, kwa hiyo tarehe 20 Machi ikawa tarehe moja. 2025 saa 6:31 mchana, imevuka, tarehe moja ikaenda 21. Hesabu kutoka 20 Machi 2024 hadi 21 Machi 2025, unapata siku 366. Basi 1403 ukawa mwaka mrefu, mwezi wa mwisho Esfand ukapata siku ya 30 badala ya 29. Hakuna aliyeamua, adhuhuri imeamua.

Mwakani 2026 itakuwa saa 12:16 jioni, 2027 karibu na saa sita usiku, zote baada ya adhuhuri ya tarehe 20, tarehe moja inabaki 21. 2028 kalenda yetu inaongeza Februari 29 kwa hiyo inarudi, saa 11:47 alfajiri tarehe 20.

Na sasa utamu wenyewe ni 2029. Wengi wangesema imeshapita miaka minne tangu 2025, kwa hiyo 1407 utakuwa mrefu. Hapana. 2017 nukta ilikuwa saa 7:58 mchana. 2021 saa 7:07. 2025 saa 6:31. Unaona inavyorudi nyuma kila miaka minne? 2029 itakuwa saa 5:32 asubuhi, kabla ya adhuhuri. Tarehe 20 Machi 2029 inakuwa tarehe moja moja kwa moja, 1407 unabaki siku 365, na mwaka mrefu unasogea hadi 1408. Miaka mitano badala ya minne. Mara ya mwisho ilitokea 1370 kwenda 1375, yaani Machi 1992 na Machi 1997 za kwetu.

Kichwa_Ngumu
Nimekubali la mchana na usiku. Lakini hapo umesema 7:58, 7:07, 6:31, 5:32. Tofauti ni dakika 51, halafu 36, halafu karibu saa nzima. Kama dunia inazunguka kwa utaratibu mbona haziko sawa? Nimekushika.

Sukani_Lamu
Umeshika kitu cha kweli, sijakasirika. Dunia haiendi peke yake. Mwezi unaivuta huku na huku na sayari nyingine nazo zinaivuta kidogo, na mhimili wake unayumba kidogo pia, kwa hiyo urefu wa mwaka mmoja mmoja unapishana na wastani kwa dakika kadhaa, hata robo saa. Ndo maana huwezi kuchukua 5:49 ukajumlisha tu kwa miaka hamsini ukapata sekunde. Siku hizi Taasisi ya Jiofizikia ya Chuo Kikuu cha Tehrani ina kituo chake cha kalenda kinachopiga hesabu za njia ya jua na kutoa saa, dakika na sekunde mapema.

KodaWaKibaha
Uzi huu umenikuta nikiwa na kidonda kibichi hahaha. Mwaka huu tumeumia na kitu hiki hiki. Natengeneza sistimu ya mizigo, mteja mmoja ana karatasi za Bandar Abbas zenye tarehe za Kiajemi. Mwezi wa tatu mwishoni karatasi zikaanza kugoma. Ya kwanza ilikuwa na tarehe 30/12/1403, sistimu ikasema tarehe hiyo haipo. Za kesho yake zikaingia lakini zote zimezidi siku moja, karatasi inasema 1/1/1404 sistimu inasema 2/1/1404. Nikakesha siku mbili nikidhani ni mambo ya saa za kanda. Kumbe fomula ya mwaka mrefu niliyokuta kwenye kodi ya zamani ya programu ilikuwa hii:

```
((y - 474) % 2820 + 512) * 682 % 2816 < 682
```

Ukiiwekea 1403 inasema si mrefu, ukiweka 1404 inasema mrefu. Kinyume na kalenda ya ukutani ya bosi wa Maskati. Na cha kuudhi 1399 inapatia na 1395 inapatia, miaka yote ilifanya kazi vizuri, hakuna aliyeshtuka mpaka Machi hii. Na mngeiacha ingejitibu yenyewe, maana tarehe 21 Machi 2026 hesabu zinakutana tena.

Sukani_Lamu
@KodaWaKibaha hiyo ni mzunguko wa miaka 2820. Kuna Mwirani Zabih Behruz aliupendekeza na Ahmad Birashk akaueneza kwa majedwali, watu wa kompyuta wakaupenda kwa sababu ni hesabu tupu, huhitaji kujua jua liko wapi. Tatizo wastani wake umelengwa kwenye mwaka wa jua wa jumla, siku 365.2422, wakati kutoka ikwinoksi ya Machi hadi ya Machi nyingine kwa zama hizi ni 365.2424. Tofauti ndogo kama chumvi, lakini ukikaa nusu saa kutoka adhuhuri kama 2025 chumvi hiyo inatosha kukuangusha upande usio wako. Sheria ya Irani haiutaji mzunguko huo hata. Sheria iliyopitishwa na bunge lao mwaka 1925 iliweka majina ya miezi na siku zake, na mwanzo wa mwaka ni mwanzo wa machipuko, basi.

KodaWaKibaha
Nimebadilisha nimeweka hii ya miaka 33, miaka 8 mirefu ndani yake:

```
(25 * y + 11) % 33 < 8
```

1399 ndiyo, 1403 ndiyo, 1407 hapana, 1408 ndiyo. Imekubaliana na za mzee zote. Niko salama?

Sukani_Lamu
Kwa mizigo yako uko salama maisha yako yote. Lakini nayo ni kiatu cha kukadiria, si mguu. Siku nukta itakapoanguka dakika chache kutoka adhuhuri fomula haitajua. Ukitaka uhakika weka jedwali la miaka kama mia kutoka kwenye hesabu za jua, ni mistari mia tu, haili nafasi.

Ostadhi_wa_Bububu
Mzee Sukani swali la kichokozi. Adhuhuri ipi? Ya saa ya ukutani au ya jua? Maana saa ya Irani imekatwa kwenye nyuzi 52 na nusu mashariki, Tehrani yenyewe iko kwenye 51 na kidogo, na mwezi wa tatu jua linachelewa kufika utosini. Nimepiga hesabu, adhuhuri ya jua Tehrani siku hiyo inakuja kama saa 6 na dakika 12 kwa saa ya ukutani. Nukta ikianguka saa 6:05 je? Kwa saa imevuka, kwa jua la Khayyam haijavuka.

Sukani_Lamu
Ostadhi umenikamata pazuri. Khayyam hakuwa na saa ya ukutani, kwake adhuhuri ni jua utosini. Wanaotengeneza kalenda leo wanatumia saa sita ya saa rasmi. Bahati ni kwamba miaka ya karibuni haikuangukia kwenye dakika zile 12. 1992 ilikaribia, nukta ilikuwa kama saa 6:18, imezipita zote mbili, ile ya jua kwa dakika sita tu. Ikija kuangukia katikati, mimi naona wafuate jua.

Ostadhi_wa_Bububu
Mimi naona wafuate saa. Nchi nzima haiwezi kuhama adhuhuri kwa ajili ya mji mkuu, Mashhadi jua linafika utosini mapema zaidi ya Tehrani kwa zaidi ya nusu saa, na wao ni Wairani pia.

Sukani_Lamu
Hapo hatutakubaliana, lete kahawa.

Mama_Kijacho
Na mbona miezi yao sita ya mwanzo ina siku 31 zote halafu mingine 30? Mpangilio mzuri kuliko wetu wa kuhesabu kwenye vifundo vya ngumi.

Sukani_Lamu
Dunia mwezi wa saba iko mbali na jua na inakwenda polepole, kwa hiyo kutoka ikwinoksi ya Machi hadi ya Septemba jua linachukua siku kama 186. Mara sita 31 ni ngapi? 186. Ile nusu nyingine ni fupi, 179 hivi. Miezi inafuata mwendo wa jua wenyewe.

BintiMakunduchi
Jamani nimesoma yote mpaka huku, nirudie swali langu, sikujibiwa. Kama Nairuzi ni Machi sisi Makunduchi tumefikaje Julai? Babu yangu mvuvi alikuwa anahesabu miongo, siku kumi kumi, "mwongo wa ngapi leo", akijua upepo na mvua kwa huo.

Sukani_Lamu
Samahani binti yangu, na swali lako ndo zuri kuliko yote. Hesabu ya babu yako ni siku 365 tu, miongo 36 na siku tano juu, haina siku ya ziada kabisa. Kalenda ya kale ya Uajemi nayo ilikuwa hivyo hivyo kabla ya akina Khayyam, miezi 12 ya siku 30 na siku tano. Jina la Nairuzi limefika pwani pamoja na hesabu hiyo. Sasa kila mwaka ile robo siku inaachwa, kila miaka minne sikukuu inatangulia siku moja dhidi ya jua. Karne moja, siku kama 24. Kwa hiyo Nairuzi ya pwani haikukaa Machi, ilikuwa inatembea kwenye mwaka mzima. Wairani waliifunga kamba kwenye adhuhuri, ya kwetu ikaachwa itembee na majira yake.

BintiMakunduchi
Kumbe ndo maana babu alikuwa anabishana na wenzake kuwa miongo "imechoka", mvua haziji kwenye mwongo wake wa zamani. Alikuwa anasema dunia imeharibika.

Mtani_wa_Tanga
Dunia haijaharibika, ni robo siku za miaka sitini. Babu alikuwa anadai siku 15 zake.

Kichwa_Ngumu
Swali la mwisho nisionekane mbishi. Sisi huku tunaweza kuiona hiyo ikwinoksi kwa macho? Bila chombo.

Sukani_Lamu
Nenda kwenye mstari wa ikweta, Nanyuki au nje ya Kisumu kidogo, siku hiyo adhuhuri ya jua, simamisha fimbo wima kabisa. Kivuli kinaingia chini ya fimbo. Ukiwa Dar usijisumbue, jua la Dar linapita utosini mwanzoni mwa Machi, wiki mbili na zaidi kabla. Ila kwa fimbo utapata siku, saa hutapata. Jua linasogea dakika moja ya nyuzi kwa saa na kivuli chenyewe kina ukungu pembeni mpana kuliko hivyo mara nyingi, kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu digrii.

Mhamiaji_Maskati
Nimempelekea bosi picha ya uzi huu, nikamtafsiria ile ya 2029. Kaenda kutoa kalenda kwenye droo, kapiga hesabu kwa kalamu dakika kumi, kisha kaniambia mtoto wake alizaliwa tarehe 30 Esfand 1403, siku ile ile tuliyokula tufaha. Anauliza basi sherehe ya kwanza ya tarehe yake kamili atakuwa na miaka mingapi. Nimemwambia mitano, sio minne. Amekasirika kidogo.

KodaWaKibaha
Mwambie nimeshaijaza kwenye sistimu, 30/12/1408 ipo, inasoma 20 Machi 2030.